Viva ya tasnifu: kujibu swali la chanzo kilichonyamaza

*Shikamoo mwalimu. Namaliza shahada ya kwanza ya historia na tasnifu nimeshaiwasilisha. Nimelinganisha gazeti moja la kila siku la Uingereza na moja la Hispania, Oktoba hadi Desemba 1918, kuona yalivyoandika habari za mafua ya mwaka ule. Kwa kutafuta neno kwenye hifadhi ya mtandaoni nilipata habari 96 kwenye la Uingereza na 184 kwenye la Hispania, nikahitimisha kwamba udhibiti wa wakati wa vita ulilinyamazisha la Uingereza. Viva ni baada ya wiki tatu. Rafiki zangu wananitahini kwa majaribio, lakini wanauliza maswali mepesi, najibu vizuri, halafu wasiwasi unabaki palepale. Tuigizeje viva inayofanana na ya kweli, hasa maswali ya mbinu na mapungufu ya vyanzo?*

Marahaba. Maswali ya rafiki zako huenda ni yaleyale atakayouliza mtahini. Tofauti ni kwamba wao wanaacha mapema. Viva huanza na swali jepesi karibu kila mara: kwa nini mada hii, kwa nini magazeti haya. Mtahini mzoefu halitegemei swali lile la kwanza. Anasikiliza jibu lako, anachukua neno moja ulilolitamka mwenyewe, na analishikilia. Kwa hiyo jambo la kwanza kubadilisha kwenye mazoezi yenu ni kanuni ya kuuliza: anayetahini haruhusiwi kuhamia swali jipya mpaka amefuatilia jibu lako mara tatu, kila mara kwa neno lililotoka kinywani mwako. Ufuatiliaji unakoma pale tu ulipofika kwenye ushahidi ulio kwenye ukurasa fulani wa tasnifu, au uliposema wazi kwamba jambo hilo hukulipima.

Tuijaribu kanuni hiyo kwenye kazi yako. Nimeandika mazungumzo haya kama ninavyoyatarajia, kwa kufuata ulichoniandikia.

Mtahini: Kwa nini ulichagua magazeti haya mawili?

Mtahiniwa: Uingereza ilikuwa vitani na Hispania haikuwamo, kwa hiyo nilitaka kuona athari za udhibiti.

Mtahini: Umetaja udhibiti. Kwenye vyanzo ulivyosoma, udhibiti huo unaonekana wapi?

Mtahiniwa: Unaonekana kwenye tofauti ya idadi. Habari 96 dhidi ya 184.

Mtahini: Kwa maana hiyo idadi ndiyo inayothibitisha udhibiti, na udhibiti ndio unaoeleza idadi?

Hapo ndipo watahiniwa wengi hukwama, na si kwa sababu ya woga. Hoja yenyewe inazunguka. Umeona gazeti limeandika kidogo, ukasema limebanwa, kisha ukatumia uhaba uleule wa habari kuwa ushahidi wa kubanwa. Ukimya wa chanzo hausemi sababu yake. Gazeti linaweza kunyamaza kwa sababu limekatazwa, au kwa sababu mhariri ameona habari nyingine ni kubwa zaidi, au karatasi imepungua, au ugonjwa haujafika kwa nguvu mahali pale, au habari imo kabisa lakini njia yako ya kutafuta haikuiona.

Kujua udhibiti ulikuwepo kisheria hakukutoshi. Ni kweli Uingereza ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Dola mnamo Agosti 1914, na kanuni zake zilikataza kueneza taarifa zinazoweza kuzusha taharuki. Ni kweli pia kwamba mwezi huohuo iliundwa ofisi ya serikali ya kusimamia habari za vita magazetini. Lakini kati ya sheria iliyokuwepo na mhariri mmoja kuiacha habari moja ya mafua kuna hatua ndefu, na hatua hiyo hujazwa na nyaraka za aina nyingine: maelekezo yaliyotumwa kwa wahariri, barua za ofisi ya gazeti, kumbukumbu za wakaguzi. Kama hukuzisoma, dai lako la udhibiti limesimama nje ya vyanzo vyako, na mtahini ataliona hilo ndani ya dakika tano.

Ufanyeje, na tasnifu imeshawasilishwa? Usiitetee sentensi kwa sababu tu uliiandika. Ipunguze mbele yao, na useme unaipunguza kwa nini. Jibu la tatu lingekuwa zuri zaidi hivi:

"Hapana, na hapo niliandika kwa uhakika kuliko ushahidi wangu. Magazeti yananionyesha tofauti, hayanionyeshi sababu. Udhibiti ni maelezo yanayowezekana, kwa kuwa kanuni za wakati ule ziliruhusu, lakini ili niuthibitishe ningehitaji maelekezo waliyopewa wahariri, ambayo sikuyasoma. Kwa vyanzo nilivyonavyo naweza kusema habari zilitofautiana kwa wingi na kwa namna ya kuandikwa. Hitimisho la ukurasa ule ningelibadilisha lisomeke hivyo."

Jibu hilo lina sehemu tatu: kinachokosekana ni nini, kukosekana kwake kunalegeza dai lipi, na dai lipi linabaki limesimama. Kwenye mazoezi, yule anayesikiliza kando awe na kazi moja tu ya kuangalia kama sehemu zote tatu zimetajwa. Wanafunzi wengi huishia ya kwanza. Wanasema "sikupata nyaraka za kutosha" kisha wananyamaza, kama vile wameomba radhi.

Sasa tuingie kwenye swali la mapungufu ya vyanzo lenyewe, maana hapa ndipo viva yako itakapoamuliwa.

Kila pengo la chanzo lina upande linakoelemea. Kusema "hifadhi ya mtandaoni ina makosa" ni kusema nusu. Nusu ya pili ni kwamba makosa hayo yanaongeza au yanapunguza nini kwenye matokeo yako, na kama yanayagusa magazeti yote mawili sawasawa. Makosa yanayoyagusa sawasawa yanapunguza idadi zote mbili na ulinganisho unabaki. Makosa yanayoelemea gazeti moja yanaweza kuitengeneza tofauti nzima uliyoiona.

Ulitafuta kwa neno. Nadhani uliandika `influenza` kwa la Uingereza na `gripe` kwa la Hispania. Hifadhi za namna hii hazitafuti kwenye picha ya gazeti. Zinatafuta kwenye maandishi ambayo programu ya kusoma herufi iliyatoa kwenye picha hiyo, na programu hiyo hukosea sana pale wino ulipofifia, herufi zilipokuwa ndogo, au safu zilipobanana. Neno likisomwa vibaya kwa herufi moja tu, habari hiyo haipo kwako. Isitoshe, watu wa 1918 hawakuuita ugonjwa ule kwa jina moja. Waingereza waliandika pia kifupisho `flu`, au "janga" tu bila jina, na matangazo ya vifo mara nyingi yalitaja nimonia. Madrid, wimbi la kwanza la mwaka ule lilipata jina la utani `Soldado de Nápoles`, yaani askari wa Napoli, kutokana na wimbo uliokuwa ukivuma kwenye jukwaa la maonyesho. Utafutaji wa `gripe` haulioni jina kama hilo.

Mtahini akikuuliza "Umepoteza habari ngapi kwa kutafuta kwa neno?" usijibu "chache". Una wiki tatu. Hilo unaweza kulipima, na kulipima ndilo zoezi lenye faida kuliko yote utakayofanya kabla ya viva.

Chukua matoleo 10 ya kila gazeti kwa kura, si kwa kuchagua. Kila toleo lisome ukurasa kwa ukurasa kwa macho, ukiandika kila habari inayohusu ugonjwa huo kwa jina lolote. Kisha angalia ngapi kati ya hizo zilikuwa tayari kwenye orodha yako ya utafutaji. Tuseme kwenye la Uingereza macho yalipata habari 20 na utafutaji ulikuwa umezishika 12. Hiyo ni asilimia 60. Tuseme kwenye la Hispania macho yalipata 30 na utafutaji ulishika 24, yaani asilimia 80. Tarakimu hizi ni zangu za mfano. Zako zitatoka kwenye kusoma kwako.

Kwa viwango hivyo, 96 za Uingereza zinakisia 160 za kweli, maana 96 ukigawanya kwa 0.6 unapata 160. Na 184 za Hispania zinakisia 230. Tofauti ipo bado, ila imesinyaa: mwanzoni Hispania ilikaribia kuwa na mara mbili ya Uingereza, sasa ni kama mara moja na nusu.

Mtahini makini hataishia hapo. Atauliza gazeti lilikuwa na kurasa ngapi. Vita vilileta uhaba wa karatasi za kuchapia, na magazeti mengi ya Uingereza yalipunguzwa unene. Tuseme kwa miezi yako mitatu kila gazeti lilitoka mara 78, la Uingereza likiwa na kurasa 4 na la Hispania kurasa 6. Hapo la Uingereza lina kurasa 312 na la Hispania 468. Gawanya 160 kwa 312, kisha 230 kwa 468. Yote mawili yanatoa karibu nusu, yaani habari moja kwa kila kurasa mbili. Tofauti uliyojengea sura nzima imetoweka.

Je, ina maana hitimisho lilikuwa la uongo? Inategemea ulikuwa unadai nini, na hili ndilo swali la mbinu lililojificha ndani ya swali la vyanzo. Ukidai kwamba msomaji wa Uingereza alikutana na habari chache za mafua kwa siku, basi idadi kwa kila toleo ndiyo kipimo, na dai linasimama: mbili kwa toleo dhidi ya tatu. Ukidai kwamba wahariri waliipa habari hiyo uzito mdogo kati ya nafasi waliyokuwa nayo, basi kipimo ni idadi kwa kila ukurasa, na dai linaanguka. Neno lako "lilinyamazishwa" linadai la pili. Ukiweza kusema sentensi hizo mbili ukiwa umetulia, na ukaonyesha hesabu kwenye karatasi moja, mtahini atajua unaifahamu mbinu yako hata kama tasnifu haikuiandika vizuri.

Uwe mwaminifu pia kuhusu udogo wa kipimo chenyewe. Matoleo 10 ni machache, na asilimia 60 iliyotoka kwenye habari 20 inaweza kuwa 45 au 75 ukirudia kura. Useme kwamba ni makisio ya kuonyesha mwelekeo, si ya kusahihisha jedwali.

Katika kusoma huko kwa macho utaona mambo mawili ambayo utafutaji ulikuficha. La kwanza ni matangazo ya biashara. Dawa za kujenga mwili, vidonge vya koo na vinywaji vya nguvu vilitangazwa kwa kutaja `influenza`, na tangazo lilelile lilirudiwa siku baada ya siku. Jua kama 96 zako zina matangazo ndani, na ujue ni mangapi. La pili ni ukurasa wa kwanza. Magazeti mengi ya Uingereza ya wakati ule yalijaza ukurasa wa kwanza kwa matangazo madogomadogo, na habari zenyewe zilianza ndani. Kama tasnifu yako ina sentensi inayosema "habari za mafua hazikupewa ukurasa wa kwanza", fungua toleo lolote la gazeti lako uangalie ukurasa huo una nini. Ikiwa ni matangazo mtupu, sentensi hiyo haipimi chochote, maana hata kusitishwa kwa mapigano tarehe 11 Novemba 1918 hakukuwekwa hapo. Sentensi ya namna hiyo ni afadhali uitaje wewe kabla haijatajwa na mwingine.

Tarehe hiyo ya Novemba inafungua swali jingine ambalo rafiki zako waliulize bila huruma. "Kama udhibiti ndio sababu, habari zilipaswa kuongezeka baada ya vita kukoma. Ziliongezeka?" Swali ni zuri kwa sababu linalinganisha gazeti na lenyewe, hivyo tofauti za lugha, kurasa na hifadhi hazilisumbui sana. Gawa orodha yako kabla na baada ya 11 Novemba ujionee. Lakini uwe tayari kwa hatua ya pili: wimbi la vuli Uingereza lilikuwa kwenye kilele karibu na siku hizohizo, likashuka wiki zilizofuata, na habari za amani zilimeza nafasi. Habari zikipungua baada ya Novemba, hilo halikanushi udhibiti. Zikiongezeka, hilo peke yake haliuthibitishi. Hispania nayo wimbi la vuli lilianza kupanda Septemba, kabla ya kipindi chako kuanza, kwa hiyo uliyakuta magazeti mawili yakiwa kwenye hatua tofauti za ugonjwa. Mtahini anaweza kukuuliza kwa nini ulianza Oktoba. Kama sababu ni kwamba hifadhi ya mtandaoni ilikuwa na matoleo kamili kuanzia mwezi huo, sema hivyo. Sababu ya kivitendo ni sababu halali mradi unajua imekugharimu nini.

Sasa usimbaji. Naamini, kama wanafunzi wengi wanaofanya uchanganuzi wa maudhui, ulizigawa habari katika makundi, labda "tahadhari" na "utulizaji", na ulifanya kazi hiyo peke yako. Swali litakuja: tutajuaje kwamba mtu mwingine angezigawa vilevile? Hapa nakushauri kitu ambacho bado una muda nacho. Chukua habari 50 kwa kura, ficha alama ulizozipa mwanzo, uzigawe upya. Mpe pia rafiki mmoja anayejua lugha husika kanuni zako za usimbaji, bila maelezo ya mdomo, naye agawe hizohizo. Kama mlikubaliana kwenye 43 kati ya 50, hiyo ni asilimia 86, lakini usiitaje peke yake. Makundi yakiwa mawili, na moja likiwa kubwa, watu wawili wanaobahatisha tu wanaweza kukubaliana zaidi ya nusu. Ndiyo maana hutumika kappa ya Cohen, ambayo inaondoa makubaliano ya bahati:

```
kappa = (po - pe) / (1 - pe)
```

Hapo `po` ni makubaliano mliyoyapata na `pe` ni yale ambayo bahati tu ingeyaleta. Tuseme wewe uliziita 35 utulizaji na mwenzako 34. Bahati peke yake ingewapa takribani 0.57, na kappa inakuwa karibu 0.67. Ni kiwango cha kuridhisha kwa kazi ya shahada ya kwanza, na hakuna haja ya kukipamba.

Chenye thamani zaidi ni zile habari 7 mlizotofautiana. Zisome moja moja. Mara nyingi utakuta ni za aina moja. Mfano wa kawaida ni taarifa fupi ambayo sentensi yake ya kwanza inasema hakuna sababu ya hofu, na ya pili inasema shule zimefungwa mpaka tangazo jingine. Hiyo ni utulizaji au tahadhari? Kama uliisimba kwa sentensi ya kwanza na mwenzako kwa tendo lililoripotiwa, mmegundua kwamba kanuni yako haikusema habari yenye pande mbili iende wapi. Mtahini akiuliza udhaifu wa usimbaji wako, mweleze habari hiyo moja, mweleze kanuni iliyokosekana, na mweleze matokeo yangeelekea upande gani kanuni ingekuwepo. Jibu lenye habari moja iliyosomwa kwa karibu linashinda aya nzima kuhusu uhalali na uaminifu wa utafiti kwa ujumla.

Swali la vyanzo vya upili nitalipitia kwa ufupi, ingawa lina mtego wake. Nadhani utangulizi wako unataja vifo milioni 50. Jua namba hiyo imetoka wapi. Mwaka 1927 Edwin Jordan alikisia vifo zaidi kidogo ya milioni 21. Mwaka 2002 Niall Johnson na Juergen Mueller walifika takribani milioni 50, wakaonya kwamba idadi halisi huenda ikawa kubwa hata mara mbili. Makisio mengine ya karibuni yameshuka chini ya milioni 20. Sababu ya kupishana ni kwamba maeneo makubwa ya dunia hayakuwa na usajili kamili wa vifo, na pia hakukuwa na kipimo cha maabara cha kuthibitisha mafua, kwa kuwa kirusi cha mafua ya binadamu kilitengwa mara ya kwanza mwaka 1933. Hoja hiyo ya mwisho inarudi kwenye magazeti yako: mwandishi wa 1918 alipoandika "mafua" alikuwa anaandika alichoambiwa au dalili alizoziona. Ulichohesabu ni habari za kitu kilichoitwa mafua, na ukiitamka hivyo hakuna atakayekubana.

Kuhusu namna ya kulipanga igizo lenyewe. Tafuta watu watatu. Mmoja awe wa fani yako, asome muhtasari, sura ya mbinu na hitimisho tu, kwa mpangilio huo. Hizo ndizo kurasa ambazo mtahini yeyote huzirudia usiku wa kuamkia viva. Wa pili awe wa fani nyingine kabisa, afadhali anayezoea hesabu au sayansi, kwa sababu atauliza "kwa nini" pale ambapo wanahistoria wenzako wanaitikia kwa kichwa. Wa tatu asiulize chochote. Aandike maneno ya maswali kama yalivyotamkwa na ukurasa uliofungua. Msimamizi wako usimfanye mtahini wa igizo. Anajua ulichokusudia, na atakujazia mapengo bila kujua. Mtumie kwa jambo jingine: akueleze idara yenu inaipa viva muda gani na inaitumia kwa uamuzi gani, kwani kuna vyuo ambako ni mazungumzo ya robo saa na kuna vingine inachukua sehemu ya alama. Igizo lako lifuate urefu huohuo.

Keti upande wa pili wa meza, tasnifu ikiwa mbele yako na imewekwa alama kwenye jedwali la matokeo, kanuni za usimbaji na aya ya mapungufu. Rekodi sauti. Usisimamishe igizo ili ujadili swali, hata likikuumiza. Nusu ya unachojifunza ni namna unavyorudi kwenye mstari baada ya jibu baya. Ukiulizwa usichokijua, kuna sentensi moja ya kuizoesha midomo: "Hilo sikulipima, ningelipima kwa njia hii, kwa sasa dai langu linaishia hapa." Itamke mara moja, kisha nyamaza. Anayeendelea kuongea baada ya hapo huanza kubuni, na mtahini ataufuata ubunifu wake.

Baada ya igizo, sikilizeni rekodi na mlipange kila swali ulilojikwaa katika mafungu matatu. Kuna maswali ambayo jibu limo kwenye tasnifu ila hukulipata kwa haraka. Dawa yake ni alama za kurasa tu. Kuna ambayo unajua jibu lakini hukuliandika, kama sababu ya kuanza Oktoba. Hayo yaandikie sentensi mbili mbili na uyatamke kwa sauti siku nyingine. Na kuna yale ambayo jibu halipo popote, kama ushahidi wa udhibiti. Haya ya mwisho ndiyo yanayostahili muda wako mwingi, na usiyatafutie jibu la kujihami. Ama yapime kwa kipimo kidogo kama kile cha matoleo 10, ama lipunguze dai.

Igizo la pili lifanyike siku tano au sita baadaye, na watahini wabadilishane nafasi ili maswali yasijirudie kwa mdomo uleule. Ukiona maswali ya fungu la tatu yamepungua lakini majibu yako yamerefuka, sikiliza rekodi tena: huenda umeanza kuyakariri. Jibu la swali la mbinu lisizidi dakika moja na nusu, kisha muachie mtahini aamue kama anataka kuendelea.

Mwisho, andaa karatasi moja ya masahihisho uingie nayo. Andika juu yake namba ya ukurasa, sentensi ilivyo sasa na itakavyosomeka: "lilinyamazishwa" igeuke "liliandika habari chache kwa kila toleo", sentensi ya ukurasa wa kwanza iondolewe, matangazo yatolewe kwenye idadi, na chini ya jedwali iongezwe hesabu yako ya habari zilizokosekana. Usiitoe mwanzoni. Watakapofika kwenye mojawapo ya hoja hizo, sema umeiona, wasomee sentensi mpya, na uwakabidhi karatasi wakiitaka.